Kukoga Josho Kubwa: Lini Lapasa, na Maji Yapasa Yafike Wapi

Yapasa ijulikane kwamba mtu aweza kujimwagia mapipa mawili ya maji na josho lake likawa halikusihi, na mwenzake akakoga kwa pishi moja tu ya maji na josho lake likawa limetimia. Imepokewa kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akikoga kwa pishi moja mpaka kadiri ya vibaba vitano, nayo ni kama lita tatu hivi au zaidi kidogo. Basi jambo la josho si wingi wa maji, bali ni mahali yafikapo maji hayo, na moyo wa mwenye kukoga umekusudia nini. Katika mambo hayo mawili ndimo yalimo mengi ya maafikiano ya maimamu wanne na khitilafu zao.

MAMBO YANAYOLAZIMISHA JOSHO

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyekufa mwaka 204 wa Hijra (820), mambo yanayolazimisha josho ni sita. Matatu huwapata wanaume na wanawake: kuingiliana, ijapokuwa hayakutoka manii, kutoka manii, ijapokuwa hakukuwa na kuingiliana, na mauti, ambayo josho lake huwa ni wajibu juu ya walio hai. Na matatu ni ya wanawake peke yao: hedhi, nifasi, na kuzaa, hata mwanamke akizaa pasi na kuona damu.

Yanayowatatiza watu zaidi ni manii, kwa kuwa yako maji mengine mawili yanayofanana nayo. Madhii ni maji mepesi yenye kunata, hutoka wakati wa mchezo au fikira bila kuruka. Wadii ni maji mazito ya rangi ya vumbi, hutoka baada ya mkojo au kwa kubeba kitu kizito. Yote mawili ni najisi, na mwenye kuyapata huosha mahali pake akatawadha, wala halimpasi josho. Ama manii, kwa Shafii hujulikana kwa mojawapo ya alama tatu: hutoka kwa kuruka, au hutoka pamoja na ladha, au huwa na harufu kama ya unga uliokandwa yakiwa mabichi, na kama ya weupe wa yai yakikauka. Alama moja yatosha.

Hapa madhehebu yametengana kidogo. Mchukuzi akiinua gunia, yakamtoka manii kwa uzito wake pasi na ladha yoyote, kwa Shafii amepasiwa na josho. Lakini kwa Abu Hanifa, aliyekufa mwaka 150 (767), na Malik, aliyekufa mwaka 179 (795), na Ahmad bin Hambal, aliyekufa mwaka 241 (855), halimpasi, kwa kuwa kwao manii ya kulazimisha josho ni yale yaliyofuatana na ladha.

Wala ndoto peke yake hailazimishi kitu. Ummu Sulaimu alimwuliza Mtume juu ya mwanamke aotaye kama aotavyo mwanamume, naye akamjibu kwamba atakoga akiyaona maji. Kwa hiyo aliyeota, akaamka akajikuta mkavu, hana josho. Na asiyekumbuka ndoto, akaona manii katika nguo yake aliyoilalia peke yake, yampasa akoge.

FARADHI ZA JOSHO NA SABABU YA KHITILAFU

Mtoto wa chuoni asomaye Safina, kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramauti, hufundishwa kwamba faradhi za josho ni mbili: nia, na kuueneza mwili wote kwa maji. Hayo ndiyo madhehebu ya Shafii kwa ufupi. Nia mahali pake ni moyoni, na wakati wake ni pamoja na sehemu ya kwanza ya mwili inayooshwa. Kuitamka kwa ulimi ni sunna. Aliyejimwagia maji miguuni kabla ya kunuia, miguu hiyo haijakogeshwa bado, na yampasa airudie. Ama kusukutua na kupandisha maji puani, kwa Shafii na Malik ni sunna, kwani ndani ya kinywa na pua huhesabiwa kuwa ni ndani ya mwili, kama ilivyo katika udhu.

Hanafi wamesema kinyume cha hayo. Kwao faradhi ni tatu: kusukutua, kupandisha maji puani, na kuosha mwili uliosalia. Hoja yao ni kwamba Kurani imemwamuru mwenye janaba ajitohorishe kwa neno lenye mkazo kuliko lile la udhu. Basi kila mahali panapoweza kuoshwa bila ya mashaka pameingia katika amri, na kinywa na pua huoshwa bila ya mashaka. Nia kwao ni sunna tu, kwa sababu maji hutohorisha kwa tabia yake, kama yanavyoondoa najisi katika nguo ijapokuwa mwenye kufua hakunuia.

Malik yeye ameongeza kusugua. Wafuasi wake wasema kwamba Mwarabu hasemi mtu amekoga kwa kuwa mvua imemnyeshea, mpaka apitishe mkono juu ya mwili wake. Kwa hiyo kwao faradhi ni tano: nia, kueneza maji, kusugua, kufululiza bila ya kukatiza muda mrefu kwa makusudi, na kupenyeza vidole katika nywele. Na Hambali wamelazimisha nia, na kusema Bismillahi kwa mwenye kukumbuka, na kueneza maji mwili mzima pamoja na kinywa na pua.

NYWELE ZILIZOSUKWA

Masala haya ndiyo yanayowapa wanawake taabu kubwa kuliko yote. Bibi husukwa siku mbili kabla ya arusi, kazi ya nusu ya siku na ujira umelipwa. Hedhi yake ikakatika siku ya pili. Huambiwa na huyu kwamba lazima afumue kichwa chote, na huambiwa na yule kwamba asifumue hata kidogo. Naye kwa kuhurumia misuko yake huakhirisha josho mpaka arusi iishe, na sala tano za kila siku zikampita. Kuakhirisha huko ni haramu kwa maimamu wote wanne, wala hakuna hata mmoja aliyefanya misuko kuwa ni udhuru wa kuacha sala. Basi lililobaki ni kujua kama misuko hiyo yahitaji kufumuliwa.

Asili ya masala ni Hadithi ya Bibi Ummu Salama, mkewe Mtume. Alimwuliza kama yampasa azifumue nywele zake alizozisuka sana akoge janaba. Mtume akamjibu kwamba haimpasi. Yamtosha kujimwagia kichwani mateko matatu ya maji, kisha ajimwagie mwilini. Na Bibi Aisha aliposikia kwamba Abdallah bin Amri anawaamrisha wanawake wafumue vichwa vyao, alilikataa neno hilo, akakumbusha kwamba yeye alikuwa akikoga na Mtume katika chombo kimoja, asizidishe juu ya kujimwagia kichwani mara tatu.

Shafii wameifahamu Hadithi hiyo kwamba misuko ya Ummu Salama ilikuwa ikipitisha maji. Kwa hiyo kanuni yao ni moja, kwa janaba na hedhi, kwa mwanamume na mwanamke: maji yakifika ndani ya msuko na kwenye ngozi bila ya kufumua, haipasi kufumua, yasipofika, yapasa. Nywele zilizojifunga mafundo zenyewe, bila ya mtu kuzifunga, zimesamehewa ndani yake.

Hanafi wamewafanyia wanawake wepesi zaidi: maji yakifika mashinani mwa nywele, msuko wenyewe unaoning'inia hauna lazima ya kulowa ndani. Lakini nywele zisizosukwa zaoshwa zote. Ama mwanamume mwenye misuko, kwao yampasa afumue. Malik wamesema hafumui ikiwa msuko ni mlegevu wapitisha maji, walakini auminye kwa mikono yake yapenye; na ukikazwa sana, au ukisukwa kwa nyuzi nyingi, hufumuliwa. Na Hambali wametenganisha: kwa janaba hafumui maadamu mashina yamelowa, kwa kuwa janaba hurudi mara nyingi; kwa hedhi na nifasi hufumua, kwa kuwa hayo hayaji ila kwa muda, na kwa kuwa Mtume alimwamuru Bibi Aisha afumue nywele zake alipokuwa na hedhi katika Haji.

Basi yule bibi wa arusi, ikiwa afuata madhehebu ya Shafii, atajuaje? Amimine maji kichwani mara tatu, kila mara akiminya msuko kutoka shinani mpaka nchani kwa vidole vyake. Kisha aingize ncha ya kidole kati ya msuko na msuko aguse ngozi, na auachanishe msuko mmoja katikati kidogo autazame. Ngozi ikiwa imelowa na ndani ya msuko mna maji, dhana iliyo na nguvu yamtosha, wala haamriwi kuwa na yakini ya unywele mmoja mmoja. Akiona ndani ni pakavu, kwa kukazwa sana au kwa nyuzi zilizofungamana nazo, afumue ile iliyo mikavu, na ile iliyolowa aiache. Kazi hiyo ni ya muda mchache, na sala yake haikupita.

MVUVI NA DEHENI

Ili khitilafu zote zionekane mahali pamoja, na atazamwe mvuvi mmoja wa pwani. Jana yake alikuwa akiipaka mashua yake deheni, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa; usiku akapata janaba. Kabla ya alfajiri akashuka pwani, na wavu ukawa umenasa kwenye jiwe. Akajitosa akaunasua, akatoka majini amelowa mwili mzima. Kisha akasali Alfajiri. Saa sita akatazama kisigino chake, akaona kipande cha deheni kimekauka, kadiri ya ukucha.

La kwanza ni kule kujitosa. Ikiwa alijitosa kwa ajili ya wavu tu, wala hakunuia kuondoa janaba, kwa Shafii na Malik na Hambali hakukoga, ingawa bahari nzima ilimpitia juu yake. Kwa Hanafi ukosefu wa nia haudhuru. Lakini yampasa awe amesukutua na kupandisha maji puani, na mtu anasuaye wavu hufumba kinywa chake. Na ikiwa alinuia moyoni alipokuwa majini, kwa Shafii mbizi moja yatosha. Kwa Malik yampasa pia ajisugue mwilini, ama angali majini ama mara atokapo kabla hajakauka. Kwa Hambali yampasa nia, na Bismillahi, na kinywa na pua.

La pili ni ile deheni. Na tuseme kwamba alinuia, akayatimiza yote ya madhehebu yake. Deheni iliyokauka ina mwili, huzuia maji kufika kwenye ngozi, na mahali palipozuiwa hapakukogeshwa. Josho halikutimia, na janaba haijamwondoka. Lakini haimpasi kukoga tena upya. Kwa Shafii kufululiza katika josho ni sunna; basi ataibandua deheni, ataosha mahali pale peke yake, na nia yake ya kwanza yamtosha. Kwa Malik aliyesahau husamehewa ule muda uliopita, ila yampasa apaoshe mara akumbukapo kwa nia; akikumbuka kisha akakawia kwa makusudi, huanza josho lake upya. Na sala yake ya Alfajiri huirudia, kwa sababu aliisali naye ana janaba. Na lau kama asingepaona ila baada ya siku tatu, na ana yakini kwamba ile deheni ndiyo ile ya siku ya mashua, angalirudia sala za siku tatu hizo zote.

Kwa sababu hiyo yafaa kujua kizuiacho na kisichozuia. Chenye mwili huzuia: deheni, lami, nta, gundi, rangi ya mbao, rangi ya kucha, unga mkavu uliogandamana ukuchani, na gamba la samaki lililonata mkononi. Ambacho ni rangi tu hakizuii: hina iliyokwisha kuoshwa ikabaki wekundu wake, na wino uliozama ngozini. Mafuta mepesi ya nazi hayazuii, ijapokuwa maji huteleza juu yake. Shahamu iliyoganda huzuia. Na alama yake ni nyepesi: mtu akwaruze kwa ukucha, kikitoka kitu cha kushikika, huzuia, na kisipotoka ila wekundu au weusi ulio katika ngozi yenyewe, hakizuii.

Zaidi ya hayo pana mahali ambapo maji hupasahau pasi na kizuizi chochote: kitovu, mikunjo ya tumbo, makwapa, nyuma ya masikio, tundu la ndewe lililotobolewa, chini ya pete iliyobana, kati ya matako, na kwa mwanamke sehemu ile ya utupu iliyo wazi anapochutama.

JOSHO MOJA LINALOTOSHA KWA WOTE

Sunna za josho zikitimizwa, hukusanya takriban yote aliyoyalazimisha kila imamu. Wanavyuoni wa Kishafii wamehesabu kuwa ni sunna mtu kutoka katika khitilafu kwa kufanya lile ambalo mwingine amelilazimisha, maadamu halivunji sunna iliyothibiti. Na namna alivyokoga Mtume imepokewa na Bibi Aisha na Bibi Maimuna, wakeze.

Mwenye kukoga aseme Bismillahi, aoshe viganja vyake, kisha aoshe utupu wake na najisi iliyo mwilini. Hapa Shafii wana hadhari moja nzuri: anapoosha utupu, na anuie papo hapo kuondoa janaba ya mahali pale. Kwani akiuacha mpaka mwisho, ama atasahau, ama atahitaji kuugusa kwa kiganja, na kuugusa kwa kiganja kwavunja udhu kwao, ingawa josho halivunjiki. Kisha atawadhe kama atawadhavyo kwa sala, asukutue na kupandisha maji puani. Kwa hayo ametoka katika khitilafu ya Abu Hanifa na Ahmad. Bibi Maimuna ameeleza kwamba Mtume aliakhirisha kuosha miguu mpaka mwisho. Yote mawili yafaa.

Tena alowanishe vidole avipenyeze mashinani mwa nywele, ajimwagie kichwani mara tatu, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, mbele na nyuma, na mkono wake ukifuata maji kwa kusugua, wala asikatize kazi yake; kwa hayo ametoka katika khitilafu ya Malik. Mahali ambapo mkono haufiki mgongoni, kitambaa chatosha. Mwanamke aliyetoka katika hedhi au nifasi ni sunna kwake kutia miski katika pamba na kuifuatisha mahali pa damu.

Akiwa akoga kwa ndoo, ateke kwa kata, asitie mkono wake ndani. Kwani kwa Shafii, maji machache, nayo ni yale yasiyofika kulateni, yakiingiwa na mkono wa mwenye kukoga baada ya kunuia, naye hakukusudia kuteka tu, huwa yametumika, wala hayatohorishi tena sehemu iliyobaki. Mwenye kata amesalimika na shaka hiyo.

Akisha kukoga hivyo, wala hakukutokea jambo la kuvunja udhu, husali kwa josho lile lile, asihitaji kutawadha tena. Na akiingiwa na shaka baada ya kumaliza, kwamba pengine maji hayakufika mahali fulani, asiifuate shaka hiyo ila apate alama ya kuonekana, kama ile deheni ya mvuvi. Ikionekana alama, aoshe mahali pale na kurudia sala. Isipoonekana, josho lake limetimia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.